Gesi ya Ziwa Kivu: kwa nini hewa ya ziada hupunguza joto la mwali

Gesi ya methani inayovutwa kutoka vilindi vya Ziwa Kivu nchini Rwanda huchomwa ndani ya injini kubwa ili kuzalisha umeme. Katika injini za gesi za aina hiyo, mafundi mara nyingi huingiza hewa nyingi kuliko inavyohitajika, kwa makusudi, ili kuushusha moto. Jambo hilo huenda likamshangaza mpishi ambaye kila siku hupepea jiko lake ili makaa yakolee.

Ufafanuzi wake umo katika hewa yenyewe. Molekuli moja ya methani huhitaji molekuli mbili za oksijeni, lakini oksijeni haiji peke yake: huandamana na molekuli saba na nusu hivi za nitrojeni, ambayo haiungui, bali hupashwa joto tu. Hivyo joto lote la mwako hugawanywa kwa molekuli kumi na nusu za moshi. Ikiwa hakuna joto linalopotea kwenye kuta na gesi yote ikaungua, mwali hufikia takriban nyuzijoto 1,950 za Selsiasi. Kiwango hicho ndicho kiitwacho joto la nadharia la mwali; moto halisi huwa chini yake.

Hewa ikiongezwa maradufu, molekuli za kugawana joto lile lile hufikia ishirini, na mwali hushuka hadi nyuzi 1,200 hivi. Hakuna joto lililopotea, limetawanywa tu. Mafundi hulitaka hilo kwa sababu nitrojeni na oksijeni huungana kwa kasi mwali unapopita nyuzi 1,500 hivi, na kutoa oksidi zinazochafua hewa. Lakini hewa ikizidi mno, mwali huzimika na gesi hutoka bila kuungua.

Hata hewa ukaa inayosalia katika gesi ya Kivu baada ya kusafishwa hufanya kazi hiyo hiyo, kwani nayo hupashwa joto bila kuungua.

Mpishi naye hakukosea. Makaa yake yalikuwa na upungufu wa hewa, na kupepea kuliziba pengo hilo.

Kuhusu nishati nyingine, wengi hudhani kwamba yenye joto jingi ndiyo yenye mwali mkali. Sivyo. Kwa ujazo ulio sawa, haidrojeni hutoa chini ya theluthi moja ya joto la methani, ilhali mwali wake hufikia nyuzi 2,100 hivi, kwa kuwa huhitaji robo tu ya hewa ile na moshi wa kupashwa ni mchache. Kuni mbichi ziko upande wa pili: maji yaliyomo lazima kwanza yageuzwe mvuke, kisha mvuke huo nao upashwe joto.