"Ijumaa saa sita ya usiku" ni usiku gani?

Juma hili tunawaletea jambo lililotugawa sisi wenyewe kwa jioni nzima, na karibu litukoseshe dola 1 500 za mashini ya kusaga mihogo.

Tangazo la msaada lilikuja kwa telefone. Mwishoni liliandikwa: "Dosie zitumwe kabla ya Ijumaa tarehe 15 Novemba, saa sita ya usiku." Tuliketi Jumatano jioni, mama sita, ili kupanga kazi. Ilibaki kupata sahihi mbili na kumaliza hesabu ya vifaa. Mama prezidanti akasema: "Tuko na siku mbili nzima, kesho na Ijumaa." Mama sekretere akajibu: "Hapana, yaya. Tuko na kesho peke yake."

Tulifikiri mmoja wao hajasoma vizuri. Kumbe wote wawili walisoma maneno yale yale, na kila mmoja alikuwa na sababu yake.

Saa sita ya usiku iko mpakani mwa siku mbili. Kwa saa za biro, siku inaanza saa 0:00 na inaisha saa 24:00. Ijumaa ina saa sita ya usiku mbili: ile inayoifungua, wakati Alhamisi inakwisha, na ile inayoifunga, wakati Jumamosi inaanza. Mtu akisema "Ijumaa saa sita ya usiku" bila kuongeza neno, hajasema ni mlango gani kati ya hiyo miwili.

Lugha yetu nayo inaongeza kazi. Katika Kiswahili cha zamani, hasa cha pwani, siku inaanza jua linapotua. Kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni usiku unaotangulia Ijumaa, ule sisi tunauita Alhamisi usiku. Mama sekretere alilelewa na bibi aliyehesabu hivyo. Mama prezidanti amefanya kazi sokoni maisha yake yote; kwake siku inaisha watu wakilala, na Ijumaa usiku ni baada ya soko la Ijumaa.

Basi tuliamuaje? Tuliuliza kwanza mwandishi wa tangazo alitaka nini. Mtu anayetaja Ijumaa kwa kawaida anataka kukupa Ijumaa. Kama angetaka kazi iishe Alhamisi usiku, angeandika "Alhamisi". Na kama siku yako ya mwisho ni Ijumaa lakini huwezi kufanya kitu hata dakika moja ya Ijumaa, basi neno Ijumaa halina kazi pale. Kwa hiyo maana ya kawaida ni mwisho wa Ijumaa. Hapo mama prezidanti alikuwa na haki.

Lakini mama sekretere alifungua fomu yenyewe kwenye telefone, akatuonyesha. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na maneno haya:

```
15/11 00:00
```

Mtu anasoma kwa kufikiri, lakini mashini inafuata nambari. Saa 00:00 ya tarehe 15 ni mwanzo wa tarehe 15. Mara nyingi jambo hili linatokea bila mtu kukusudia: anayetengeneza fomu anaandika tarehe tu, hataji saa, na mashini inajaza 00:00 yenyewe. Au anaandika 00:00 akifikiri ni usiku wa mwisho wa siku ile. Ukiona 23:59, lala salama: ni mwisho wa siku iliyotajwa. Ukiona 24:00, ni mwisho wake vilevile. Ukiona 00:00, jua kwamba mlango unaweza kufungwa siku moja mbele ya ile uliyoihesabu.

Kulikuwa bado na jambo la tatu. Biro ile iko Kinshasa, na sisi tuko Bukavu. Inchi yetu ina saa mbili: Kivu, Katanga na Kasai wako mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Saa sita ya usiku ikigonga Kinshasa, kwetu ni saa saba ya usiku. Kwetu hiyo ni faida ya saa moja. Lakini mama aliye Kinshasa akituma dosie kwa biro ya Bukavu, mambo yanageuka: saa sita ya usiku ya Bukavu ni saa tano ya usiku kwake. Akingoja saa yake, amechelewa.

Mama prezidanti akauliza: "Sasa tufuate nini, maana ya tangazo ao saa ya fomu?" Tukapima hasara. Tukituma Alhamisi na kumbe mwisho ni Ijumaa, tumepoteza usingizi kidogo. Tukituma Ijumaa na kumbe mwisho ulikuwa Alhamisi, tumepoteza mashini. Tukaandikia biro kuuliza, lakini hatukungoja jibu. Alhamisi mama wawili walitembea kutafuta sahihi, na saa tatu ya usiku dosie ilikwenda.

Ijumaa asubuhi fomu ilikuwa imefungwa. Kikundi jirani, kilichopanga kutuma Ijumaa mchana, kilikuta mlango umefungwa. Mama hao hawakulalamika kwa mdomo tu. Walikuwa wamelinda picha ya tangazo, wakaituma pamoja na picha ya fomu iliyofungwa, wakaonyesha kwamba Ijumaa ilikuwa haijaisha. Biro ilikubali kwamba saa iliwekwa vibaya, ikafungua tena hadi usiku. Lakini jibu lilifika saa kumi na moja ya jioni, na walituma wakikimbia, rezo ikikatika-katika.

Baada ya hapo tulijigeukia sisi wenyewe. Kanuni ya sanduku letu la akiba ilisema: "Mchango uingie kabla ya saa sita ya usiku ya Ijumaa, la sivyo mama analipa kwa kuchelewa." Ni ile ile! Mwezi uliopita mama mmoja alituma pesa kwa telefone Ijumaa saa mbili ya usiku, na mwingine akasema amechelewa siku moja. Tulikuwa tumemlipisha. Tumemrudishia pesa yake, kwa sababu kanuni ikiwa na maana mbili, kosa ni la walioiandika, na aliyelipa apewe maana inayomsaidia.

Sasa kanuni inasomeka hivi: "Mchango uingie Ijumaa, mwisho saa tano na dakika 59 ya usiku, saa ya Bukavu. Saa inayohesabiwa ni ile iliyo kwenye ujumbe wa pesa." Kwa matangazo ya mdomo tunatumia maneno ambayo kila mama anayasikia redioni: "usiku wa kuamkia Jumamosi". Hapo hakuna anayeuliza tena ni usiku gani, kwa maana siku mbili zote zimejulikana: unalala Ijumaa, unaamka Jumamosi.

Mama, kabla ya mkutano wenu ujao, someni kanuni za kikundi chenu kwa sauti. Mkikuta "saa sita ya usiku", ulizeni mama watatu, kila mmoja peke yake, ni usiku gani. Majibu yakitofautiana, andikeni upya siku hiyo hiyo, mbele ya sanduku kufunguliwa.