Klampu Inayoizuia Inveta Isisukume Umeme Nje

Chukua nyumba ya Dar es Salaam yenye mita ya LUKU na inveta mseto ya kilowati 5. Taa, friji na televisheni zimeungwa upande wa LOAD wa inveta. Hita ya maji na kiyoyozi, kwa kuwa vinakula umeme mwingi, vimebaki upande wa gridi. Mwenye nyumba hana mkataba wa kuuza umeme, na mita nyingi za malipo ya kabla huhesabu mkondo hata ukielekea nje. Jua likizidi mahitaji, anaweza kukatwa uniti kwa umeme wake mwenyewe.

Kwenye inveta kama za Deye, anayechagua `Zero Export To Load` anaihudumia LOAD peke yake. Hita itaendelea kula uniti. Akichagua `Zero Export To CT`, inveta huilisha nyumba nzima, lakini hapo inategemea klampu ili ijue umeme unaopita kwenye mita. Alama ya `Solar Sell` iondolewe, maana ikibaki, jua la ziada litatoka nje.

Klampu hukaa baada ya mita, kabla njia ya hita haijachepuka. Ikiwekwa baada ya mchepuko, inveta haitaiona hita. Iukumbatie waya wa laini pekee, taya zikifunga sawasawa. Ukiifunga pamoja na nyutro, mikondo miwili hufutana na kipimo huwa sifuri. Fundi akumbuke kwamba waya unaotoka kwenye mita una umeme hata swichi kuu ikizimwa.

Mshale wa klampu ya Deye huelekea kwenye inveta. Ukigeuzwa, umeme unaoingia husomwa kama unaotoka. Na umeme ukianza kutoka kidogo tu, inveta hudhani nyumba inauhitaji, ikaongeza, na kadiri inavyoongeza ndivyo inavyozidi kudanganyika.

Kipimo chake ni rahisi. Usiku, kabla ya kuruhusu betri kuilisha nyumba, washa hita ya wati 2,000. Upande wa gridi kwenye skrini uongezeke kwa takriban wati 2,000, bila alama ya kutoa. Ukiona –2,000, geuza klampu. Usipoona badiliko, klampu iko mahali pasipo pake.

Hata hivyo, hita ikizimwa ghafla, umeme kidogo hutoroka kabla inveta haijapunguza. Ndiyo maana `Zero-export Power` huwekwa kati ya wati 20 na 100, ili nyumba ivute kidogo kutoka gridi muda wote. Wati 50 kwa saa 24 ni uniti 1.2, karibu uniti 36 kwa mwezi. Anza na 20, kisha ongeza pale tu skrini inapoendelea kuonyesha hasi.