Homa ya Uti wa Mgongo kwa Watoto Wachanga: Kwa Nini Mzazi Asisubiri Asubuhi

Ubongo na uti wa mgongo wa binadamu hufunikwa na utando mwembamba wenye maji maangavu ndani yake. Bakteria walio katika damu wakipenya hadi kwenye maji hayo, utando huvimba, na huo ndio ugonjwa uitwao homa ya uti wa mgongo. Mtu mzima aliyeupata hulalamika kuwa kichwa kinamuuma na shingo imekakamaa. Mtoto wa miezi michache hawezi kusema, na mara nyingi shingo yake hubaki laini hata ugonjwa unapokuwa umekolea. Kwa sababu hiyo, mzazi au mlezi hana budi kutazama mambo mengine.

Jambo la kwanza ni kunyonya. Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri huanza kunyonya kidogo na kuachia, au hukataa titi kabisa. Huenda akatapika, akalala kupita kawaida na kuwa mgumu kuamshwa. Wengi hupata homa, lakini mtoto aliye chini ya mwezi mmoja anaweza kuwa na mwili wa baridi badala ya joto.

Jambo la pili ni utosi, yaani ile sehemu laini iliyo juu ya kichwa, ambapo mifupa ya fuvu haijaungana. Kwa kawaida utosi huwa bapa au umebonyea kidogo. Shinikizo likiongezeka ndani ya fuvu, utosi huinuka na kuwa mgumu unapoguswa. Utosi utazamwe mtoto akiwa ametulia na ameshikwa wima, kwa kuwa kilio au kulala chali huweza kuuinua hata kwa mtoto mzima wa afya. Utosi uliodidimia huashiria upungufu wa maji mwilini, nao pia unahitaji huduma ya haraka. Utosi uliovimba usikandwe wala kupakwa dawa, kwa sababu chanzo cha uvimbe kiko ndani ya fuvu.

Jambo la tatu ni mwili wenyewe. Mtoto huweza kukakamaa na kupinda mgongo kwa nyuma, au kinyume chake akalegea kama kitambaa. Kilio chake huwa chembamba na kikali, na badala ya kunyamaza anapobebwa, hulia zaidi kwa kuwa kusogezwa humuumiza. Degedege nalo linaweza kutokea. Mtoto mwenye degedege apelekwe kituoni moja kwa moja, bila kupitishwa kwanza kwa mganga wa jadi.

Jambo la nne ni vipele au madoa. Aina mojawapo ya bakteria husababisha damu kuvuja chini ya ngozi, na kuleta madoa madogo mekundu au ya zambarau. Ukiyabonyeza kwa ubavu wa glasi angavu, hayapotei. Kwenye ngozi nyeusi madoa hayo huonekana kwa shida, hivyo yatafutwe viganjani, kwenye nyayo, ndani ya kope na kwenye kaakaa. Hata hivyo, watoto wengi wenye ugonjwa huu hawapati madoa kabisa. Mzazi anayesubiri madoa ndipo aondoke nyumbani anaweza kuchelewa.

Sababu ya haraka hiyo ni hii. Maji yanayozunguka ubongo yana kinga hafifu, kwa hiyo bakteria wakishafika huko huongezeka kwa kasi. Uvimbe unaofuata hubana mishipa ya damu ya ubongo na huweza kuharibu sikio la ndani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, takriban mtu 1 kati ya 6 wanaougua homa ya uti wa mgongo ya bakteria hufariki, na 1 kati ya 5 hupata madhara makubwa. Miongoni mwa madhara hayo ni uziwi, kifafa, kupooza na kuchelewa kujifunza. Dawa huua bakteria, lakini haiwezi kurudisha sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa.

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi saa zinavyopotea. Mtoto wa miezi 5 anakataa titi saa 12 asubuhi. Saa 6 mchana ana homa, na familia inanunua dawa ya maji ya kushusha homa katika duka la dawa. Joto linashuka na wote wanapata nafuu ya moyo, ingawa bado hanyonyi. Saa 12 jioni anatapika na kulia anapobebwa. Saa 3 usiku utosi umeinuka, lakini wazazi wanaamua kusubiri hadi saa 1 asubuhi. Kufikia wakati huo zimepita saa 25 bila dawa yoyote ya kuua bakteria, kwa maana dawa ya homa ilishusha joto tu. Uamuzi ulipaswa kufanyika mchana, pale joto lilipopungua na mtoto akaendelea kukataa titi.

Mtoto mwenye dalili hizi akifikishwa zahanati, mhudumu humchoma sindano ya kwanza ya antibiotiki kabla ya kumpa rufaa, ili tiba ianze kazi akiwa njiani. Njiani mtoto anyonyeshwe ikiwa anaweza kumeza, kwa sababu asiyenyonya huishiwa sukari mwilini. Hospitalini daktari huchukua matone machache ya maji ya uti wa mgongo kwa sindano nyembamba sehemu ya chini ya mgongo. Wazazi wengi huhofia kipimo hiki kwa kudhani huleta ulemavu. Sindano hiyo huingizwa chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia, na ulemavu unaoonekana baadaye kwa kawaida hutokana na ugonjwa wenyewe. Maji yenye ukungu huashiria bakteria. Matibabu ya sindano huendelea kwa siku 7 hadi 10, na kwa mtoto aliye chini ya mwezi mmoja hufika wiki 3. Yasikatizwe kwa sababu mtoto ameanza kucheka.

Makosa mawili huficha ugonjwa huu. La kwanza ni kuridhika na kipimo cha malaria. Mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria na homa ya uti wa mgongo kwa pamoja. Asiponyonya au utosi ukivimba, arudishwe kituoni hata kama ameanza dawa ya malaria. La pili ni kumpa antibiotiki iliyobaki nyumbani. Kipimo kidogo cha dawa hiyo hupunguza dalili kwa muda na kuvuruga majibu ya maabara, huku bakteria wakiendelea kuwepo.

Chanjo zinazotolewa katika wiki ya 6, 10 na 14 hukinga dhidi ya baadhi ya bakteria wakuu wa ugonjwa huu, wakiwemo wale wasababishao nimonia. Hazikingi dhidi ya wote, na mtoto aliye chini ya wiki 6 bado hajazipata. Kwa mujibu wa sera ya afya, matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo vya Serikali hayalipiwi. Mtoto aliyeacha kunyonya na ana mojawapo ya dalili nyingine zilizotajwa apelekwe kituo kilicho karibu saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku, na mzazi amweleze mhudumu saa ambayo mtoto alinyonya vizuri kwa mara ya mwisho.