Mtoto Aliyenyamaza: Kumsikiliza Kwanza, Kisha Kuandika Alichosema

Mwanzoni mwa mwaka 2019, habari za watoto waliotekwa na kuuawa mkoani kwetu Njombe ziliwatia wazazi hofu kubwa, wengine wakawa wanawasindikiza watoto wao shuleni asubuhi na kuwafuata jioni. Hofu ile ilikuwa na haki yake. Lakini mzazi mwenye hofu huuliza swali ambalo jibu lake limo ndani yake: "Nani alitaka kukuchukua?" Mtoto aliyejikunyata kwa jambo jingine kabisa huona jibu analotakiwa kulitoa, naye hulitoa. Kuanzia hapo mzazi ana habari, ila si habari ya mtoto wake.

Madhara ya maswali ya namna hiyo yalidhihirika huko California, Marekani, katika kesi ya shule ya awali ya McMartin iliyoanza mwaka 1983. Mamia ya watoto walihojiwa kwa maswali yaliyowaelekeza la kusema, na waliokana waliulizwa tena na tena. Kesi ilikwisha mwaka 1990 bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani, na hadi leo hakuna awezaye kutenganisha yale watoto waliyoyaona na yale waliyotiwa vinywani.

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wenye sura ya maisha yetu hapa Lupingu. Mtoto wa kiume wa miaka tisa, ambaye jioni humsaidia fundi wa mitumbwi ufukweni, ameacha kwenda huko. Chakula hakimpiti, tena analala na shati. Mama yake hamwiti chumbani wala hamkalishi mbele ya baba na wajomba. Anamkaribisha jikoni wachambue usipa pamoja, bega kwa bega, kwa kuwa mtoto husema kwa wepesi zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yasipokutana.

"Mwanangu," anasema, "naona tangu Jumapili hutaki kwenda ufukweni, na jana umelala na shati. Nieleze kulikoni."

Mtoto kimya. Mama naye anaendelea kuchambua. Kimya hiki ndicho kinachowashinda wazazi wengi. Wanakijaza kwa makisio, ilhali mtoto alikuwa bado anatafuta pa kuanzia.

"Sitaki kwenda kwa fundi, mama."

"Nieleze habari za huko kwa fundi."

"Alinishika."

Hapa moyo wa mama unaruka, na swali limeshafika ulimini: "Alikushika wapi? Alikuvua nguo?" Analimeza. Badala yake anachukua neno la mtoto mwenyewe na kumrudishia: "Umesema alikushika. Nieleze yote, tangu ulipofika kwake."

"Nilimwaga mafuta ya injini. Akanishika hapa," anagusa ukosi wa shati, "akanichapa kwa kamba. Akasema nikisema atamwambia baba nimeiba."

"Kisha ikawaje?"

"Nikakimbia. Siku ile mliporudi kuzika."

Lile neno "alinishika" lilikuwa na maana nyingine kabisa na ile aliyoihofu mama. Lau angeuliza swali la kwanza, huenda mtoto angeitikia kwa woga, na mtu angeshitakiwa kwa kosa ambalo hakulitenda, huku lile alilolitenda likisahaulika. Na lau maana ingekuwa ile aliyoihofu, maswali yale yale ya "nieleze" na "kisha ikawaje" yangeifichua, na maneno yangebaki ya mtoto. Maswali ya nani, wapi na lini huja baadaye, na kwa yale tu ambayo mtoto ameshayataja. "Kwa nini hukusema mapema?" haliulizwi kabisa, maana mtoto hulisikia kama lawama. Wala mama asiahidi kwamba hatamwambia mtu. Aseme: "Nitawaambia wale tu wanaoweza kutusaidia."

Mtoto akishalala au kutoka kucheza, kalamu ishikwe usiku ule ule. Daftari la shule latosha. Mama wa mfano wetu anaandika hivi:

"Jumanne, saa 12 jioni, jikoni, mimi na mtoto tu. Nilimwambia: 'Nieleze habari za huko kwa fundi.' Akasema: 'Alinishika.' Nikasema: 'Nieleze yote, tangu ulipofika kwake.' Akasema: 'Nilimwaga mafuta ya injini. Akanishika hapa.' Akagusa ukosi wa shati."

Swali la mzazi limeandikwa pamoja na jibu, kwa sababu atakayesoma atataka kujua kama jibu lilivutwa. Maneno ya mtoto hayakupambwa: alisema "alichapa," nasi hatuandiki "alishambulia." Akisema kwa Kikisi, liandikwe neno lake la Kikisi, kisha tafsiri pembeni. Waliosoma elimu ya hadithi wanaijua tofauti ya kupokea kwa lafudhi na kupokea kwa maana. Hapa tunataka lafudhi.

Tarehe huwapotosha watoto, basi wasilazimishwe kuitaja. Mama anaandika: "Akasema: 'Siku ile mliporudi kuzika.'" Chini yake, kwa kichwa "Ninavyojua mimi," anaongeza kwamba mazishi ya jirani yalikuwa Jumamosi. Alichosikia na alichokisia havichanganywi katika sentensi moja.

Vivyo hivyo kwa alama za mwilini: "Mstari mmoja wa zambarau chini ya bega la kulia, sentimita 9 kwa rula." Asiandike kwamba ni jeraha la siku tatu, kwani hata daktari hawezi kukadiria kwa yakini umri wa jeraha kwa rangi yake. Akikosea neno, alikate kwa mstari mmoja linalosomeka bado, atie sahihi pembeni. Ukurasa uliochafuka usinakiliwe upya na wa kwanza kutupwa, maana huo wa kwanza ndio wenye uzito.

Baada ya hapo mtoto asihojiwe tena nyumbani, si na baba, si na shangazi, si na mwalimu wa madrasa. Kila anaporudia kisa mbele ya watu wapya hujifunza nyuso zao zinataka nini. Tunasema wazi pia kwamba kamati ya msikiti si mahali pa kumhoji mtoto wala pa kupatanisha jambo kama hili kwa kikombe cha chai, hata mtuhumiwa akiwa ustadhi wetu, na hasa akiwa yeye. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali za mitaa. Kwa hiyo daftari lipelekwe kwa mtendaji wa kijiji, kwa afisa ustawi wa jamii, au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, ambako hutolewa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali. Namba 116 hupigwa bure.

Kama mtoto ametaja jambo la zinaa, safari isingoje asubuhi ya kesho kutwa. Asiogeshwe, nguo zake zisifuliwe, ziwekwe katika mfuko wa karatasi na si wa nailoni. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa ikianzwa ndani ya saa 72. Na saa hizo zikiwa zimepita, bado apelekwe.

Mahakamani, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, kwa kuahidi kusema kweli na kutosema uongo. Atasema yeye mwenyewe. Mama ataulizwa alisikia nini siku ya kwanza, na wakili wa upande wa pili atataka kujua aliuliza vipi. Daftari lile na likae pakavu, kurasa zote zikiwemo.