Tangazo la kifo lisikike mara moja likaeleweka

Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, matangazo ya vifo yalikuwa na maneno ambayo kila nyumba iliyazoea: "Habari ziwafikie..." Hadi leo familia ya Kisondela, wilayani Rungwe, ikifiwa, karatasi inayopelekwa redioni Tukuyu huandikwa kwa mtindo huo. Shida ni pale mwandishi anapotaka kumheshimu marehemu kwa sentensi moja ndefu yenye ukoo, vyeo na maradhi. Siku ya mazishi hutajwa mwishoni kabisa, msikilizaji akiwa ameshapotea njiani.

Jina peke yake halitoshi. Rungwe ukoo mmoja unaoanza na Mwa- una watu wengi, na wengine wanafanana hadi jina la kwanza. Taja kijiji na kitongoji, kisha jina alilozoeleka nalo: baba fulani, mwalimu fulani. "Kesho" pia ni mtego, kwa sababu tangazo la jioni huweza kurudiwa asubuhi. Andika siku yenyewe, na saa uiandike kwa maneno, pamoja na mchana au asubuhi.

Tuseme amefariki mzee mmoja, tumwite Mzee Fulani. Tangazo lake lingesomwa hivi:

"Tangazo la kifo. Familia ya Mzee Fulani wa Kisondela, wilayani Rungwe, inasikitika kutangaza kifo cha baba yao, Mzee Fulani. Amefariki dunia Jumatano katika Hospitali ya Makandana. Mazishi ni Ijumaa, saa nane mchana, nyumbani kwake Kisondela. Habari ziwafikie watoto wake walioko Kyela na Chunya, dada yake aliyeko Mbeya, na ndugu na jamaa wote. Tunarudia: Mzee Fulani wa Kisondela atazikwa Ijumaa, saa nane mchana, nyumbani kwake."

Marudio hayo ni ya lazima. Aliyekuwa shambani akasikia jina tu, ndipo anapodaka siku na saa. Kama msiba uko Mbeya kwa mwanawe na maziko ni Kisondela, kila mahali papewe sentensi yake, la sivyo watu watakwenda kusiko. Ugonjwa uachwe, isipokuwa familia imeridhia utajwe. Na watoto wapigiwe simu kwanza. Si vizuri mtu asikie kifo cha baba yake akiwa ndani ya daladala.

Salamu za rambirambi ni fupi zaidi. Anza na anayetoa pole na anayepewa, kisha jambo moja la kweli kuhusu marehemu: "Wanakwaya wenzake wanampa pole mama na watoto. Mzee Fulani ndiye aliyetufundisha sauti ya nne." Sifa kumi mfululizo hazibaki sikioni.

Kabla ya kuipeleka karatasi, msomee mtu ambaye hajaiona, mara moja tu, kisha muulize nani amefariki, anazikwa wapi na lini. Akikwama, punguza maneno.