Risiti Mbili Haziunganishwi kwa Kalamu

Anayeandika programu pamoja na wenzake hukutana na hali hii mapema. Anaunganisha kazi yake na ya mwenzake, Git inakubali mafaili yote isipokuwa moja, na faili hilo lina maelfu ya mistari ambayo hakuna binadamu aliyeiandika. Jina lake ni `package-lock.json`. Ndani yake Git imepachika alama za mgongano, na kishawishi cha kwanza ni kushuka nazo moja baada ya nyingine, ukifuta huku na kubakiza kule.

Ili kuona kwa nini hiyo ni njia mbaya, tuanze na kazi ya faili lenyewe. Mradi wa JavaScript una mafaili mawili yanayotaja maktaba, yaani programu ndogo za watu wengine ambazo mradi unazitegemea. La kwanza, `package.json`, huandikwa na watu, nalo ni kama orodha ya kwenda sokoni: nataka express, toleo lolote kuanzia hili na kuendelea, mradi lisivuke namba kuu. La pili ni risiti. Linataja kilichochukuliwa hasa: toleo kamili la kila maktaba, anwani lilikopakuliwa, na mfuatano mrefu wa herufi uliokokotolewa kutokana na yaliyomo, ili siku nyingine ijulikane kama mzigo umebadilishwa. Linazitaja hata maktaba ambazo hukuziomba, zile zilizokuja kwa sababu maktaba zako zinazihitaji. Risiti hii ilianza kutolewa na npm, chombo cha kupakua maktaba hizo, kuanzia toleo lake la 5 mwaka 2017.

Sasa tuseme Neema na Juma wanatengeneza duka la mtandaoni. Neema ameongeza dayjs, maktaba ya kushughulikia tarehe, na kazi yake imeshaingia kwenye tawi kuu, `main`. Juma, kwenye tawi lake la `malipo`, ameongeza axios kwa ajili ya kuwasiliana na seva nyingine. Kila mmoja pia amepandisha matoleo ya maktaba kadhaa ndogo, kwa siku tofauti. Tawi la Juma linapoletwa kwenye `main`, mafaili yote mawili yanagongana. Kwenye `package.json` mgongano unaonekana hivi:

```
<<<<<<< HEAD
    "dayjs": "^1.11.0",
=======
    "axios": "^1.6.0",
>>>>>>> malipo
```

Hapa mkono wa mtu unahitajika. Neema anataka dayjs, Juma anataka axios, na duka linahitaji zote mbili. Unafuta alama, unabakiza mistari miwili, na umemaliza. Uamuzi huo ni wa watu na chombo hakiwezi kuujua.

Kwenye risiti mambo ni mengine. Ndani yake kuna maktaba iitwayo mime-types, ambayo express huifikia kupitia wenzake. Upande wa Neema imeandikwa 2.1.35, upande wa Juma 2.1.34. Unachagua ya Neema kwa kuwa ni mpya zaidi, na uchaguzi wenyewe hauna kosa. Lakini mime-types haitembei peke yake: 2.1.35 inadai mime-db 1.52.0, hiyo hiyo na si nyingine, ilhali 2.1.34 inadai 1.51.0. Maelezo ya mime-db yako sehemu nyingine ya faili. Ukifika huko macho yamechoka, ukabakiza ya Juma, umetengeneza risiti ya manunuzi ambayo hayakuwahi kufanyika kwenye kompyuta yoyote.

Afadhali kosa hilo, maana matoleo mapya ya npm hulikamata. Ukiendesha `npm ci`, amri inayoweka maktaba kwa kufuata risiti tu, itakataa na kusema kwamba mime-db iliyomo haitoshelezi inayohitajika. Ukichanganya toleo la upande mmoja na zile herufi za uhakiki za upande mwingine, utapata `EINTEGRITY`, na hapo wengi huanza kuulaumu mtandao. Kinachotisha zaidi ni sehemu ambazo Git imeziunganisha yenyewe bila kuweka alama. Git hulinganisha mistari, wala haijui kwamba mstari wa 900 unautegemea ule wa 2,400. Kwa hiyo hata ukitatua kila alama kwa uangalifu, bado umepitia zile sehemu tu ambazo Git ilishindwa.

Njia iliyo salama ni fupi. Rekebisha `package.json` kwa mkono, chukua risiti nzima ya upande mmoja bila kuigusa, kisha mwachie npm aikamilishe:

```
git checkout --ours package-lock.json
npm install --package-lock-only
git add package.json package-lock.json
```

Mstari wa kwanza unarudisha risiti ya `main` ikiwa kamili. Wa pili unaisoma orodha mpya, unaona axios haipo kwenye risiti, na kuiongeza pamoja na inazozihitaji, bila kubadilisha yale yaliyokwisha kutosheleza. Tangu toleo la 5.7.0, npm inaweza hata kulisoma faili lenye alama za mgongano na kulinyoosha yenyewe. Mimi bado napenda kuchagua upande kwanza, kwa sababu najua nimeanzia wapi.

Kuchagua upande kuna bei yake. Matoleo ya `main` yamebaki yalivyokuwa, lakini axios ya Juma imetafutwa upya. Ikiwa Juma aliijaribu 1.6.2 na leo kuna mpya zaidi inayokubalika, itaingia hiyo mpya. Ndiyo maana baada ya hapo huendeshwa `npm ci` na majaribio yote ya mradi, na kazi ya malipo hujaribiwa tena. Kuna mtego mwingine kwa wanaotumia `git rebase`: huko maana hugeuka, `--ours` ikawa upande unaohamia na `--theirs` ikawa kazi yako mwenyewe.

Kabla ya kufunga kazi, tazama ukubwa wa mabadiliko:

```
git diff --cached --stat
```

Kuongeza maktaba moja na wenzake hubadilisha makumi ya mistari. Ukiona maelfu, simama. Mara nyingi sababu ni kwamba wewe na mwenzako mna matoleo tofauti ya npm. La 7, kwa mfano, lilibadilisha muundo mzima wa risiti.

Wapo wanaokata shauri kwa kufuta faili na kuanza upya. Hapo kila maktaba hutafutwa upya, siyo axios peke yake. Januari 2022 mwandishi wa maktaba ya colors alitoa kwa makusudi toleo lenye mzunguko usiokwisha, na programu nyingi zikaanza kumwaga herufi zisizo na maana kwenye skrini. Mradi ambao risiti yake ilisema 1.4.0 haukuguswa. Aliyefuta risiti siku hizo alikuwa anaifungulia mlango.

Kanuni hiyo hiyo inafaa kwa Cargo.lock ya Rust, kwa yarn.lock, na kwa mafaili mengine yanayozalishwa na chombo kutokana na chanzo ambacho bado kipo: tatua chanzo, zalisha upya. Haifai kwa kila kitu kilichoandikwa na mashine. Mafaili ya uhamiaji wa hifadhidata katika Django huzalishwa kwa amri ya `makemigrations`, lakini yakishatumika kwenye hifadhidata halisi huwa ni historia yake. Ukiyafuta na kuyazalisha upya, rekodi za hifadhidata hazitalingana tena na mafaili yako. Matawi mawili yakigongana huko, hutumiwa `makemigrations --merge`, ambayo huongeza faili la tatu na kuyaacha yale mawili kama yalivyo.