Mchango wa mgonjwa ofisini

Katika ofisi nyingi za Tanzania, mchango wa mgonjwa huanzia kwenye kundi la Watsapu. Mmoja anaandika jina lake na kiasi, anayefuata ananakili orodha na kujiongeza. Haipiti saa, mlinzi aliyeahidi 5,000 yuko chini kidogo ya mkurugenzi wa 100,000, na wasio nacho wameshazima simu. Orodha ya namna hii inaleta fedha haraka, tena inaleta aibu haraka vilevile.

Kabla ya kutangaza lolote, mtu mmoja azungumze na mgonjwa mwenyewe, au ndugu aliyemteua, amuulize mambo mawili: bili imebaki kiasi gani baada ya bima, na kipi kisemwe kuhusu ugonjwa. Mara nyingi jibu la swali la pili ni "semeni tu nimelazwa", na linatosha.

Tuchukue mfano wa ofisi ya watu 32 wenye bili ya shilingi 800,000. Wakuu 6 wanapendekezewa 50,000 kila mmoja, maofisa 16 wanapendekezewa 30,000, na 10 wa mishahara midogo 10,000. Jumla ni 880,000. Hizo 80,000 za juu zina kazi yake: maofisa wawili wakikosa, bado zinapatikana 820,000. Anayepanga hesabu kamili bila nafasi hiyo hujikuta akiwafuata watu mezani, na hapo mchango umeshageuka deni.

Tarehe ya mwisho ifuate mshahara. Ujumbe unaweza kusomeka hivi: "Ndugu zangu, mwenzetu amelazwa. Tunaomba mchango hadi Ijumaa baada ya mshahara, saa 10 jioni. Mapendekezo ya kiasi tutatumiana binafsi. Anayetuma kwa simu atume kwa mweka hazina, na ya kutolea. Anayependa bahasha ampe katibu. Si lazima kuandika jina." Kumbusho moja siku moja kabla linatosha, nalo litaje jumla iliyofikiwa, bila majina.

Usiri huo una mpaka wake, kwani muamala wa simu humwonyesha mpokeaji jina la mtumaji. Kwa hiyo mweka hazina awe mtu asiye na mdomo, na katibu ahesabu bahasha naye wakiwa wawili.

Fedha zikitimia, ni vyema zilipwe moja kwa moja. Hospitali za umma hutoa kumbukumbu namba ya malipo, na inalipika kwa simu au benki. Hata hivyo, ulizeni kwanza dirisha la uhasibu, maana baadhi ya namba hukataa malipo ya nusunusu. Kulipa hivyo kunaondoa makato ya kutoa taslimu, na stakabadhi inabaki. Nakala yake inakwenda kwa ndugu wa mgonjwa. Kundini inatangazwa jumla tu. Kinachozidi anakabidhiwa yeye mwenyewe, kwa ajili ya dawa na nauli ya kurudi kliniki.